Ploti ya Likoni: Tangazo Liseme Kinachouzwa

"Ploti inauzwa Likoni, karibu na feri, makaratasi yapo." Jamaa zetu walioko Maskati na London hutumiwa matangazo ya namna hii kila mara, na neno lenye uzito limewekwa mwisho. Makaratasi gani?

Mombasa bara ina jambo linaloitwa nyumba bila ardhi. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wasajili madai yao ya ardhi, na isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Wengi wakajikuta wanakaa kwenye shamba lenye jina la mtu mwingine. Hadi leo Likoni, Kisauni na Changamwe kuna waliojenga kwa idhini ya mwenye shamba, wakawa wanamlipa kodi ya ardhi. Mtu kama huyo akiuza, anauza kuta na mabati, na karatasi yake ni makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa au chifu. Hana kosa, mradi tangazo liseme "nyumba bila ardhi" kwenye kichwa chake, si "ploti". Mnunuzi aliye ng'ambo akidhani amepata ardhi, atashtuka siku mwenye hati atakapokuja na mnunuzi wake.

Palipo na hati, tangazo la kuaminika laweza kuwa hivi:

"Ploti inauzwa Mtongwe, Likoni: futi 50 kwa 100, hatimiliki ipo. Ukubwa kwenye hati ni hekta 0.0465. Hati ina jina la muuzaji. Sachi ya mwezi huu haionyeshi rehani wala zuio. Barabara ya murram inafika kwenye ploti nayo imo kwenye ramani ya upimaji. Bikoni nne zipo. Kituo cha matatu za feri ni dakika tano kwa miguu."

Hizo hekta ndizo za kukaguliwa kwanza. Futi 50 kwa 100 ni karibu mita za mraba 465, yaani hekta 0.0465; thumni kamili ya ekari ni kubwa kidogo, hekta 0.0506. Hati ikisoma 0.0297, unauziwa 40 kwa 80, hata kama muuzaji anasema "thumni".

Sachi, yaani upekuzi wa ofisi ya ardhi, uufanye mwenyewe kupitia wakili wako, kwa namba ya hati. Hata pale shamba la Waitiki, ekari 930 ambako maskwota walipewa hati Januari 2016, hati mkononi haitoshi kukuonyesha kama kuna deni au kesi juu yake.

Kisha barabara. Njia inayopitiwa na gari leo yaweza kuwa ua wa jirani ambaye hajajenga. Mpe mpimaji ramani, atembee kutoka barabara kuu hadi bikoni ya kwanza, akutumie picha za bikoni zote nne kabla hujalipa amana.