Mtihani wa Hesabu: Tafuta Kisichobadilika



Wenzetu wengi wa viwandani na mashambani hufanya mtihani wa uwezo wanapotaka kupanda cheo. Hesabu huandikwa kwa maneno, na kila swali lina dakika moja au mbili tu. Wengi huanza kuzidisha na kutoa kabla ya kujua wanatafuta nini. Sisi tunashauri ujiulize kwanza: katika habari hii, ni kitu gani hakibadiliki? Hicho ndicho kinachojenga mlinganyo.

Tuchukue chai. Swali linasema: kilo 480 za majani mabichi zina maji asilimia 80. Zikikaushwa mpaka maji yabaki asilimia 4, tutapata kilo ngapi? Mwenye haraka hutoa 4 katika 80, akapata 76, kisha akapunguza asilimia 76 ya kilo 480. Anajibu kilo 115.2, na amekosa. Ile 80 ni asilimia ya majani mabichi, lakini ile 4 ni asilimia ya chai kavu. Hazina msingi mmoja, kwa hiyo hazitolewi.

Maji huondoka, lakini sehemu kavu ya jani haiondoki. Katika majani mabichi ni asilimia 20 ya 480, yaani kilo 96. Katika chai iliyokauka, kilo hizo hizo ni asilimia 96 ya x. Basi:

0.96x = 96, na x = 100.

Jibu ni kilo 100.

Uwiano nao ni vivyo hivyo. Wachumaji wanaume kwa wanawake ni 2:3. Wakaongezwa wanawake 10, uwiano ukawa 1:2. Wanaume hawakubadilika. Waandike 2x, na wanawake 3x. Sasa wanawake ni mara mbili ya wanaume:

3x + 10 = 4x, na x = 10.

Wanaume ni 20. Wanawake walikuwa 30, sasa ni 40.

Mwisho, mwendo. Lori linapanda kutoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Bugarama milimani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na kurudi kwa 60. Wastani ni ngapi? Si 45, kwa sababu lori limetumia muda mrefu zaidi likipanda. Kisichobadilika ni umbali. Swali halikuutaja, kwa hiyo chagua ulio rahisi kugawanya, tuseme kilomita 60. Kupanda ni saa 2, kushuka ni saa 1. Kilomita 120 kwa saa 3 ni 40 kwa saa. Umbali wowote utaleta jibu hilo hilo.

Kabla ya kuandika jibu, lirudishe katika swali: asilimia 4 ya kilo 100 ni kilo 4 za maji, na kavu ni 96. Likikubali, nenda mbele. Na kama hukukiona kisichobadilika baada ya kusoma mara mbili, ruka swali hilo, ulirudie mwishoni.