Nyuma Kweupe: Kichekesho cha Daladala na Ufundi wa Kukimaliza

Mchekeshaji anayepanda jukwaani Dar es Salaam na kuanza na maneno "Jamani, daladala za mji huu..." huchekewa kabla hajasema lolote. Ukumbi mzima umebanana humo siku hiyohiyo. Shida huja baadaye. Anataja joto, anataja kukanyagwa, anataja konda anayesahau chenji, na watu wanaitikia, "Kweli kabisa!" Kuitikia si kucheka. Kila anachotaja wanakijua tayari, na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo kicheko kinavyopungua. Dakika ya tatu watu wanatabasamu tu, na mchekeshaji hajui ashukie kituo gani.

Kwenye majukwaa kama Cheka Tu la Dar es Salaam au Churchill Show la Nairobi, safari za mjini ni mada isiyochakaa, na ndiyo maana ni ngumu. Kinachomtofautisha anayeijua kazi ni namna anavyoimaliza. Njia moja yenye nguvu ni mrejeo: jambo lililochekesha mwanzoni linaachwa, linasahaulika, kisha linarudi mwishoni mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Tuufuate mrejeo mmoja tangu unapoandaliwa hadi unapotua, kwa kichekesho cha dakika tano nilichokitunga kwa ajili ya makala haya.

Kitu cha kwanza ni kuacha orodha na kuchukua jambo moja. Katika msongamano wa daladala yapo mengi, lakini moja lina kichekesho ndani yake lenyewe: imani ya konda. Gari la Kariakoo kwenda Gongo la Mboto limejaa hadi mlango haufungi, na konda bado anaona nafasi. Anapiga bodi la gari kwa kiganja mara mbili, pa-pa, na kutangaza: "Sogeeni, nyuma kweupe!" Abiria wanaona migongo, yeye anaona uwanja wa mpira. Hapo pana watu wawili wanaotazama kitu kimoja na kuona tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa kicheko. Joto halina tofauti ya namna hiyo, kila mtu analisikia vilevile.

Angalia pia kwamba maneno yaliyochaguliwa ni machache. "Nyuma kweupe" ni maneno mawili, yana mdundo, na makonda huyatumia kweli. Mchekeshaji anayapa ishara ya mwili, yale makofi mawili, ambayo jukwaani ayapige kwenye kitu kinachotoa sauti, kama kiti au meza. Maneno na makofi lazima vije pamoja mara zote za mwanzo, ili masikio ya ukumbi yavifunge pamoja.

Sasa anaingia mtu wa pili. Mama wa msimuliaji amekuja mjini kutoka Handeni kwa mara ya kwanza, na mwanawe amempandisha gari hilohilo. Konda anapiga bodi, pa-pa. "Bimkubwa, sogea, nyuma kweupe!" Mama anasogea. Anajaribu kugeuza shingo, anashindwa, kisha anamwuliza mwanawe kwa upole: "Mwanangu, kijana anasema kweupe, mbona mimi naona kwapa?"

Hapo ndipo kicheko kikubwa cha mwanzo kinapotakiwa, na mpangilio wa sentensi ndio unaokileta. Neno linaloshtua, "kwapa", limewekwa mwisho kabisa. Mama angesema, "Mbona mimi naona kwapa wakati kijana anasema kweupe?" watu wangeanza kucheka katikati, na maneno manne yaliyobaki yangepotelea ndani ya kicheko au, vibaya zaidi, yangekizima. Wachekeshaji wengi hurekodi maonyesho yao kwa simu na kusikiliza hasa jambo hili: baada ya neno la kuchekesha, je, kuna neno lolote lililobaki mdomoni? Likiwepo, sentensi inapangwa upya.

Mama amechaguliwa kwa sababu nyingine pia. Katika gari lililojaa wapo wanaoumia kweli, hasa wanawake na wanafunzi wa kike wanaoshikwashikwa. Kichekesho kinachomfanya mshikaji kuwa shujaa hunyamazisha nusu ya ukumbi, na kinastahili kunyamaziwa. Hapa anayechekwa ni konda na imani yake. Aliyebanwa ndiye mwenye jibu kali kuliko wote.

Baada ya "kwapa" mchekeshaji analazimika kufanya jambo linalowashinda wengi: kuachana kabisa na maneno yaliyomletea kicheko. Dakika mbili au zaidi zinazofuata hataji konda, hapigi makofi, na neno "nyuma" lenyewe analikwepa. Anahamia kwenye habari nyingine ya safari hiyohiyo, yenye vicheko vyake. Ipo habari ya kugeuza na gari. Abiria wa jioni anayetaka kiti halisubiri gari lirudi kutoka mwisho wa njia. Anakwenda kituo cha kabla, analipanda likiwa linaelekea kinyume na kwao, anakaa, na kugeuza nalo. Msimuliaji anasema: "Nikigeuza na gari nafika nyumbani saa tatu usiku. Nikitembea kwa miguu nafika saa tatu usiku. Lakini nikitembea, majirani hawajui kama nilipata kiti."

Habari hii haipo kujaza muda. Kazi yake ni kuupeleka ukumbi mbali, kwa sababu mrejeo hauwezi kurudi kama haujaondoka. Maneno yakirudiwa baada ya nusu dakika tu, watu wanasikia marudio, na marudio huchosha. Yakirudi baada ya dakika tatu, kila msikilizaji anayavuta mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu, na furaha ya kuyatambua inaongezeka juu ya kicheko. Katika kichekesho cha dakika tano, basi, konda anaingia dakika ya kwanza, mama dakika ya pili, dakika ya tatu na ya nne ni za mambo mengine, na mrejeo unatua katika sekunde za mwisho.

Swali gumu ni mahali pa kutua. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kumrudisha konda: kesho yake msimuliaji anakutana na konda yuleyule, anasema maneno yaleyale. Hilo ni dhaifu, maana konda kusema "nyuma kweupe" si ajabu. Wazo la pili ni kuyaweka kwa padri au shehe kwenye harusi iliyojaa. Hilo ni bora kidogo, lakini padri hakuwamo ndani ya gari, na ukumbi hauna uhusiano naye. Mrejeo hufanya kazi vizuri maneno yanapoingia kinywani mwa mtu ambaye ukumbi unamfahamu na ambaye asingetarajiwa kabisa kuyasema. Mtu huyo tayari yumo kwenye kisa.

Kwa hiyo mwisho unakuwa hivi. Msimuliaji amepanga chumba kimoja Gongo la Mboto. Mama alikuja kwa wiki moja, sasa ni mwezi wa tatu, na kitanda kimeshakuwa chake. Jioni moja mlango unabishwa: shangazi, mjomba, watoto watano na jogoo. Msimuliaji anawaeleza kwa adabu: "Shangazi, shikamoo. Karibuni sana, lakini hali mnaiona, chumba ni kimoja." Kimya. Mama anatoka, anawatazama mmoja mmoja, anaweka kiganja kwenye fremu ya mlango. Pa-pa. "Sogeeni, nyuma kweupe!"

Makofi yametangulia kwa makusudi. Walio wepesi wanaanza kucheka kwenye "pa" ya pili, wengine wanafuata kwenye maneno, na kicheko kinapanda ngazi badala ya kulipuka mara moja. Kati ya makofi na maneno mchekeshaji aache pumzi moja, isizidi. Akichelewa, ukumbi utayasema maneno hayo kabla yake, na neno la mwisho litakuwa limetoka mikononi mwake.

Ndani ya kicheko hicho pia kuna jambo la kweli kuhusu mji. Mwanamke aliyelalamika kwamba haoni kweupe sasa ndiye anayekiona. Hajawa mwongo. Amekuwa na watu wake mlangoni, na mtu mwenye watu mlangoni huona nafasi ambayo mwingine haioni. Huenda hata konda alikuwa na hesabu ya mwenye gari inayomsubiri jioni. Mrejeo uliotua vizuri huugeuza mwanzo ueleweke upya, na ukumbi hupata maana hiyo bila kuambiwa.

Unaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuueleza. Mchekeshaji anayeuliza, "Mnamkumbuka yule konda?" amewanyang'anya watu kazi waliyokuwa waifanye wenyewe. Ya pili ni kubadili maneno. Mama akisema, "Pitieni ndani, nafasi ipo," maana ni ileile lakini hakuna kinachorudi. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: kurejesha kitu ambacho hakikuchekesha mara ya kwanza. Kama "kwapa" lilipita kimya, hakuna kumbukumbu ya kurudia. Mchekeshaji makini husikiliza hapo dakika ya pili, na akiona ukumbi haujashika, anamalizia kwa habari ya kugeuza na gari na kuwashukuru watu.

Mrejeo una faida nyingine kwa anayesafiri na kazi yake. Kuitikia kwa "kweli kabisa" kunategemea maisha ya msikilizaji. Nairobi, kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliamuru kila abiria wa matatu awe na kiti na mkanda, kwa hiyo orodha ya adha za kusimama haitagusa huko kama inavyogusa Buguruni. Hata Dar es Salaam kwenyewe, anayetumia mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, anabanana vilevile lakini hana konda mlangoni. Mrejeo hauhitaji mtu awe amepanda gari la Gongo la Mboto. Unahitaji tu awe amekaa ukumbini tangu dakika ya kwanza, kwa sababu kumbukumbu unayoitumia imetengenezwa palepale.

Hiyo pia ndiyo namna ya kuupima kabla ya kupanda jukwaani. Msimulie rafiki sehemu ya chumba na wageni peke yake. Akicheka sana, ulichonacho ni kichekesho kingine kinachojitegemea, na unaweza kukiweka popote. Akikutazama na kuuliza, "Kwa nini amepiga mlango?" msimulie sasa kuanzia kwa konda, bila kuruka kitu, halafu mwache afike mlangoni mwenyewe. Akianza kucheka mama anapoinua kiganja, umemaliza. Usiongeze neno.