Thamani ya ndani na thamani ya muda ya opsheni

Opsheni ya kununua ni mkataba unaompa mwenye nao haki ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa, wakati wowote hadi siku ya mwisho, bila kumlazimisha kununua. Bei ya haki hiyo ina sehemu mbili: thamani ya ndani na thamani ya muda.

Kwa mfano, hisa inauzwa sokoni dola 108, bei ya mkataba ni dola 100, imebaki miezi mitatu, na opsheni inauzwa dola 13. Anayeitumia leo hununua hisa kwa dola 100 na kuiuza kwa 108. Tofauti hiyo ya dola 8 ndiyo thamani ya ndani. Kama opsheni ingeuzwa dola 6, watu wangeinunua na kuitumia papo hapo wapate faida ya dola 2, na ununuzi wao ungepandisha bei yake hadi 8.

Dola 5 zinazobaki ni thamani ya muda. Hisa ikipanda hadi 130, opsheni huwa na thamani ya dola 30. Ikishuka hadi 80, mwenye opsheni huiacha, na hasara yake haizidi dola 13 alizolipa. Nafasi hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Siku ya mwisho, hisa ikiwa bado 108, opsheni ina thamani ya dola 8 tu: mnunuzi amepoteza dola 5 ingawa hisa haikushuka. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujitoa mapema kwa kawaida huiuza opsheni kwa 13 badala ya kuitumia na kupata 8.