Barua ya kudai begi lililopotea kwenye basi

Malalamiko ya mzigo uliopotea hutegemea kile ambacho abiria anaweza kuthibitisha. Begi aliloweka mwenyewe juu ya kiti chake ni vigumu kulidai, kwa sababu lilibaki mikononi mwake. Lililopokewa na utingo, likabandikwa namba na kuingizwa kwenye buti, limekabidhiwa kwa kampuni. Kile kipande cha namba, ambacho wengi hukitupa kabla ya kushuka, ndicho ushahidi wa makabidhiano.

Tuseme abiria ametoka Dar es Salaam, kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi, kwenda Mbeya. Anaposhuka, begi lake halipo. Kwa njia hiyo, mara nyingi mzigo huwa haukuibwa, bali umeshushwa kimakosa Morogoro, Iringa au Makambako, ambako abiria wengine walikuwa na mabegi yanayofanana nalo. Kwa hiyo abiria aripoti ofisi ya kampuni palepale kituoni, aombe vituo vya njiani vipigiwe simu, kisha aandike jina la aliyepokea taarifa na saa aliyoitoa.

Begi lisipopatikana, barua iende kwa meneja. Aya ya kwanza itaje tarehe, saa ya kuondoka, namba ya basi, namba ya tiketi na ya kiti, pamoja na namba ya mzigo. Nakala za tiketi na kipande hicho ziambatanishwe. Nakala halisi abaki nazo mwenyewe.

Maelezo ya begi ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. "Begi jeusi" halimsaidii mtu anayetafuta stoo yenye mabegi meusi ishirini. "Begi jeusi la magurudumu, zipu ya mbele imekatika, mkono umefungwa utepe mwekundu" linatambulika hata kwa simu. Vilivyomo navyo vitajwe kimoja kimoja.

Fidia idaiwe kwa hesabu inayoonekana. Kwa mfano, begi shilingi 70,000. Doti sita mpya za vitenge kwa 30,000 kila moja, yaani 180,000. Na viatu vilivyonunuliwa 80,000 lakini vimevaliwa mwaka mzima, vidaiwe 50,000. Jumla ni 300,000. Anayedai bei ya dukani kwa kiatu chakavu huipa kampuni sababu ya kutilia shaka hata vitenge. Risiti au picha za zamani husaidia, na fedha taslimu zilizodaiwa kuwemo ndani ni vigumu mno kuzithibitisha.

Kampuni inaweza kujibu kwamba tiketi imeandikwa haitahusika na mzigo. Maneno hayo yasimkatishe tamaa mwenye namba ya makabidhiano. Barua ipange muda wa kujibiwa, mathalani siku 14, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ibaki kwa abiria. Muda ukipita kimya, nakala hiyo na viambatisho vyake hupelekwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, ambayo hupokea malalamiko ya abiria dhidi ya wenye mabasi.