Mashuka ya Gesti Ndogo: Kuyapanga, Kuyafua na Kuyakausha Kabla Mvua Haijafika

Vikundi vingi vya akina mama na parokia kadhaa zina nyumba ndogo ya wageni kama njia ya kujitegemea. Tunapotembelea nyumba hizi, shida tunayoikuta mara nyingi ni mashuka. Wageni wa semina wanafika jioni, na mashuka bado yana unyevu kwenye kamba. Mama wa kazi anabaki na njia mbili tu: kuwalaza wageni kwenye unyevu, au kuwaambia hakuna nafasi. Kwa njia yoyote kati ya hizo kikundi kinapoteza pesa, na wageni hao hawarudi tena.

Katika toleo hili tunaeleza kazi ya kufua mashuka mengi kwa mkono, bila mashine. Tutachukua mfano wa nyumba ya vyumba 8 vyenye vitanda 12, upande wa Kakamega, mahali ambapo asubuhi huwa na jua na mvua hupenda kunyesha mchana. Kila kitanda kina mashuka 2 na foronya 1. Wageni wote wakiondoka siku moja, kuna mashuka 24 na foronya 12 za kufua.

1. Mashuka ya leo yafuliwe kesho asubuhi

Wengi wetu tumezoea kutoa mashuka kitandani na kuyatia kwenye maji mara moja. Lakini hebu tuhesabu saa. Wageni wanatoka saa 4 asubuhi. Hadi mama amalize kuvua vitanda, kufagia vyumba na kuchemsha maji, ni saa 6. Karai la kwanza linafika kwenye kamba saa 7 na nusu, na saa 8 wingu limeshatanda. Hapo kazi yote imekuwa ya bure.

Ni afadhali mashuka yaliyotolewa Jumatatu yakaguliwe na kupangwa siku hiyo hiyo, kisha yafuliwe Jumanne kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Yale yasiyo na madoa yakae makavu ndani ya gunia safi. Usiyalundike yakiwa na maji maji usiku kucha, kwa maana hapo ndipo ile harufu ya uvundo na madoa meusi ya ukungu yanapoanzia.

Mpango huu unahitaji seti 3 kwa kila kitanda: moja kitandani, moja ya kufuliwa, na moja kabatini. Seti iliyotoka Jumatatu inafuliwa Jumanne, na Jumatano inaweza kutandikwa tena. Lakini Jumanne ikinyesha tangu asubuhi, seti hiyo haitakuwa tayari. Kwa sababu hiyo, kwa miezi ya mvua ya masika ongeza akiba ya nusu seti, yaani mashuka 12 na foronya 6 kwa nyumba hii ya mfano. Si lazima kununua seti nzima, kwa kuwa ni nadra vitanda vyote kubadilishwa kila siku mfululizo.

2. Kukagua na kupanga mafungu

Unapotoa shuka, usilikung'ute. Shika pembe zake nne uzikutanishe katikati, ulikunje kuelekea ndani. Kisha lifungue taratibu mahali penye mwanga, ukitazama kama kuna wembe, sindano, pini au pesa ya mgeni. Shuka lenye damu, matapishi au choo lishikwe kwa glavu za mpira, kwani damu inaweza kubeba magonjwa kama homa ya ini, hasa kama mikono ina michubuko.

Panga mafungu manne:

(a) Mashuka meupe ya pamba.
(b) Mashuka ya rangi, na yale ya pamba iliyochanganywa na nailoni au polista.
(c) Yenye madoa.
(d) Ya mgeni aliyekuwa mgonjwa, au ya chumba chenye kunguni au upele. Haya yafungwe kwenye mfuko wa plastiki humo humo chumbani, kabla ya kupitishwa kwenye korido.

Fungu la madoa ndilo linaloharibiwa zaidi, kwa sababu watu hukimbilia maji moto. Damu, maziwa na yai huganda kwa moto kama vile yai linavyoganda kwenye sufuria, na doa likishaganda ndani ya uzi halitoki tena. Loweka kwa maji baridi jioni ile ile, sugua kwa sabuni ya kipande asubuhi, suuza, na uhakikishe doa limetoka ndipo shuka liende kwenye maji moto. Doa la mafuta ni kinyume chake: lipake sabuni likiwa kavu, kisha lifue kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kustahimili.

3. Joto la maji bila kipima joto

Si kila shuka linahitaji maji moto sana. Meupe ya pamba na fungu la (d) yafuliwe kwa nyuzi 60 hivi. Joto hilo huyeyusha mafuta ya mwili, huua kunguni pamoja na mayai yake, na vijidudu vingi vya magonjwa. Mashuka ya rangi na ya polista yanatosheka na nyuzi 40. Ukizidisha, rangi hutoka na kitambaa hujikunja. Blanketi la sufu lifuliwe kwa maji baridi au vuguvugu tu, la sivyo litarudi.

Kipima joto si lazima. Pale Kakamega, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maji ya bomba huwa karibu nyuzi 20. Kwa hiyo:

- Kupata nyuzi 60: jagi 3 za maji yanayochemka kwa jagi 2 za maji baridi. Mchanganyiko huanza kwenye nyuzi 65, halafu karai na mashuka hupunguza kidogo.
- Kupata nyuzi 40: jagi 1 ya yanayochemka kwa jagi 2 za baridi.

Tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, ili yasikurukie. Yeyusha sabuni, tia mashuka, yageuze kwa mti safi, funika karai na uache nusu saa. Usitie mkono kwenye maji ya nyuzi 60, yatakuunguza. Baada ya nusu saa yatakuwa yamepoa kiasi; ongeza maji baridi kidogo kama bado hayavumiliki, kisha fikicha sehemu za kichwa na miguu, ambako uchafu huwa mwingi.

Jiki isitiwe kwenye maji moto. Itumiwe kwa mashuka meupe ya pamba tu, kwenye maji baridi, baada ya sabuni kusuuzwa, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kamwe usiichanganye na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwani hutoa hewa ya sumu.

4. Maji kiasi gani?

Karai la lita 30 za maji linatosha mashuka 6 na foronya 3. Ukijaza zaidi, mashuka hayageuki na sabuni haifiki katikati. Mashuka 24 ni makarai manne. Kila karai lifuliwe mara moja na kusuuzwa mara mbili. Ukimwaga maji yote kila mara utatumia lita 360, yaani madebe 18. Lakini maji ya suuzo la pili bado ni masafi. Yatumie kwa suuzo la kwanza la karai linalofuata. Hapo utatumia lita 270, yaani madebe 13 na nusu, na utapunguza safari za mtoni au bili ya maji. Fungu la (d) lifuliwe mwisho, na maji yake yasitumiwe tena.

Utajuaje kama umesuuza vya kutosha? Kamua pembe ya shuka kwenye kiganja. Maji yakiteleza au yakitoa povu, suuza tena. Sabuni inayobaki hulifanya shuka kuwa gumu na la manjano, na humwasha mgeni.

5. Kuanika na kukausha

Shuka likamuliwe na watu wawili, kila mmoja akishika upande wake na kusokota. Dakika moja ya kukamua vizuri huokoa muda mrefu kwenye kamba. Futa kamba kwa kitambaa kabla ya kuanika.

Shuka la kitanda kidogo likikunjwa mara moja juu ya kamba huchukua mita 1 na nusu hivi. Mashuka 24 yanahitaji mita 36, na foronya 12 mita 6 nyingine. Kamba 5 za mita 9 zitatosha. Ukiwa na kamba mbili tu, utabandika shuka juu ya shuka, na hayatakauka hata jua likiwaka.

Usianike juu ya nyasi au ua. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na buu lake huingia kwenye ngozi ya mtu na kufanya jipu. Mashuka yakishakauka yapigwe pasi pande zote, pindo zote. Joto la pasi huua mayai hayo.

Kabla ya kuanua, shika pindo nene na uliweke shavuni. Likiwa baridi, bado lina unyevu, hata kama katikati pamekauka. Baada ya pasi acha mashuka yapoe ndipo uyakunje na kuyaweka kabatini.

Mvua ikikuwahi, anika barazani penye upepo na uache nafasi kati ya shuka na shuka. Usianike juu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana umeua watu wakiwa usingizini.

Blanketi la chumba chenye upele ambalo haliwezi kutiwa kwenye maji moto, lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima. Vijidudu vya upele hufa bila mwili wa mtu. Kunguni hawafi hivyo. Wanaweza kuishi miezi bila kula, kwa hiyo wao wanahitaji joto.

Orodha ya kubandika ukutani

JUMATATU (siku ya kuvua vitanda)
Saa 4: Vua, kagua, hesabu, andika daftarini. Tandika seti ya kabatini.
Saa 10: Panga mafungu manne. Loweka madoa ya damu kwa maji baridi.

JUMANNE (siku ya kufua)
Saa 12 na nusu: Washa moto, futa kamba, sugua madoa.
Saa 1: Karai la kwanza, meupe. Karai la pili lilowekwe la kwanza likisuuzwa.
Saa 2 na nusu: Mashuka ya kwanza yawe kwenye kamba.
Saa 4 na nusu: Ya mwisho yawe kwenye kamba.
Saa 7: Geuza, jaribu pindo, anua yaliyokauka.
Saa 8: Anua yote, hata kama jua linawaka.
Jioni: Piga pasi, hesabu tena, linganisha na daftari.

Hesabu ya jioni isipolingana na ya Jumatatu, shuka litafutwe siku hiyo hiyo. Baada ya wiki, hakuna atakayekumbuka lilikuwa chumba gani.