Tangazo la Mahafali Lisiloacha Maswali

“Uongozi wa shule unawaalika wazazi, walezi na wadau wote kwenye mahafali ya kidato cha nne, Jumamosi saa 3 asubuhi. Mavazi ni ya heshima. Karibuni sana.”

Matangazo ya namna hii huanza kuonekana kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp kadiri mtihani wa Novemba unavyokaribia. Dakika chache baadaye maswali yanamiminika. Jumamosi ipi? Naweza kuja na bibi yake? Kuna sare ya wazazi?

Kinachosumbua zaidi ni hiyo saa 3. Mwandishi alimaanisha geti kufunguliwa, ila mzazi anaelewa ndipo shughuli inaanza, na aliyezoea sherehe zetu anafika saa 5. Mgeni rasmi anaingia viti vikiwa vitupu, na tuzo za taaluma zinatolewa mama wa mshindi akiwa bado kwenye daladala. Dawa yake ni kutaja saa ya kila tukio linalomhusu mgeni.

Mavazi nayo yanahitaji maelezo. “Ya heshima” kwa mmoja ni baibui, kwa mwingine ni suti, na mwenye kipato kidogo anaogopa kwamba ni lazima ashone kitenge kipya. Sharti litakalosimamiwa getini liandikwe waziwazi, kwa sababu kumrudisha mzazi aliyesafiri usiku kucha ni kumdhalilisha mbele ya mwanawe.

Tangazo lile lingeweza kuandikwa hivi:

“Mahafali ya kidato cha nne ni Jumamosi, Oktoba 10, 2026, kwenye ukumbi wa shule. Geti litafunguliwa saa 2:30 asubuhi. Tafadhali muwe mmeketi ifikapo saa 3:30, kwani mgeni rasmi atapokelewa saa 4:00. Tuzo zitatolewa kabla ya hotuba yake, na tutamaliza saa 8:00 mchana.

Kila mhitimu ana kadi mbili za wageni, na chakula cha mchana kitatolewa kwa kadi hizo. Wageni wa ziada watakaa chini ya turubai nje, bila chakula.

Wazazi hawana sare. Kanzu, baibui, kitenge, gauni linalovuka magoti au shati na suruali vinafaa. Kaptula haziruhusiwi. Wahitimu watavaa sare ya shule na majoho watapewa hapahapa. Zawadi na mashada mtawapa baada ya hotuba, si wakati wa kuitwa majina. Hakuna mchango utakaotozwa getini.”

Limekuwa refu, lakini mzazi halazimiki kumpigia mwalimu wa darasa. Sentensi ya mchango hasa isiachwe, maana wapo wanaobaki nyumbani kwa hofu ya kudaiwa.

Kabla ya kulituma, mpe mzazi mmoja asiyekuwa kwenye kamati alisome, kisha muulize atatoka nyumbani saa ngapi, amevaa nini na ameongozana na nani. Akikwama kwenye jibu lolote, rekebisha sentensi hiyo. Na kama saa itabadilika baadaye, futa tangazo la kwanza kabisa, kwa sababu yakibaki mawili wazazi watasambaziana lile la zamani.