Maandishi ya video: WhatsApp na YouTube si sawa

Msimu wa mafuriko bonde la Msimbazi, wazazi wa Jangwani hutumiana video za kumhudumia mtoto anayeharisha. Wengi huzitazama ndani ya daladala, sauti imezimwa. Kwa mzazi kiziwi, maandishi ndiyo sauti yenyewe.

Chukulia video ya kuchanganya ORS. Kwa WhatsApp, maandishi yabandikwe ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa haionyeshi maandishi yaliyo kwenye faili la kando. Yawe makubwa, mistari isizidi miwili, maana WhatsApp huibana video na herufi ndogo hufifia.

YouTube hupokea video isiyo na maandishi, kisha faili la `.srt` lenye maneno na muda wa kuonekana:

```
1
00:00:04,000 --> 00:00:08,000
Pakiti 1, maji safi lita 1
```

Mtazamaji huyawasha au kuyazima mwenyewe.

Tofauti kubwa huonekana kosa linapoingia. Tuseme umeandika "nusu lita" kwa pakiti ya lita 1. Mchanganyiko huo utakuwa mzito mara mbili, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kwenye YouTube utabadilisha faili tu, na kiungo kitabaki kilekile. Kwenye WhatsApp, hata ukifuta ya kwako, nakala zilizokwishasambazwa na wengine zitaendelea kuzunguka.

Kabla ya kutuma WhatsApp, itazame kwenye simu ndogo bila sauti, ukilinganisha kila kipimo na maelezo ya pakiti.